Kuachwa na basi: lugha ya kumpokea msafiri kwenye dawati la maelezo

achwa *kt* (kauli ya kutendwa ya *acha*). Katika muktadha wa safari: kufika kituoni baada ya chombo kuondoka. *Nimeachwa na basi. Ndege imemwacha. Treni ilituacha.*

unganisha *kt* Katika muktadha wa safari: kushuka chombo kimoja na kupanda kingine ili kufika mwisho wa safari. *Naunganisha Mbezi kwenda Iringa. Ndege ya kuunganisha inaondoka saa tisa alasiri.*

maulizo *nm* Mahali penye mhudumu wa kutoa maelezo kwa wasafiri. Pia *dawati la maelezo*.

Makala haya yanaeleza matumizi ya maneno machache yanayokutana mahali pamoja: mbele ya mhudumu wa maulizo, pindi msafiri anayeunganisha safari anapogundua kuwa ameachwa. Wanafunzi hufundishwa maneno hayo moja moja, na wafasiri huyakuta katika miongozo ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Yakitafsiriwa moja kwa moja, mhudumu hujikuta akimlaumu mtu aliyetaka kumfariji, au akimtajia saa isiyo sahihi.

## Mfano

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya makala haya. Mahali ni Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, Dar es Salaam, kilichozinduliwa mwaka 2021 na kuchukua nafasi ya Ubungo kama kituo kikuu cha mabasi ya mikoani. Abiria ni mama wa makamo ya uzeeni anayetoka Visiga, wilayani Kibaha, katika Barabara ya Morogoro. Amekuja Mbezi kwa daladala ili aunganishe basi la Iringa. Tiketi yake imechapwa na mashine, nayo inaonyesha 06:00. Siku ni Jumanne, saa tano asubuhi. Mhudumu ni binti.

— Mwanangu, basi la Iringa la saa sita linapakia wapi?

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Nimetoka Visiga, nimewahi kabisa, lakini gari lenyewe silioni.

— Karibu mama, kaa hapa kwanza. Naomba niione tiketi yako.

— Hii hapa.

— Pole sana mama. Basi hili limeondoka asubuhi, saa kumi na mbili.

— Kumi na mbili? Si imeandikwa sita hapa?

— Imeandikwa sifuri sita, mama. Hiyo ni saa ya mashine. Kwa saa zetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Inawachanganya wengi.

— Mwanangu, kesho nina maziko. Namzika kaka yangu.

— Pole sana kwa msiba, mama. Maziko ni saa ngapi?

— Saa nane mchana.

— Hapo bado tuna nafasi. Lipo basi jingine la kampuni hiyohiyo, linaondoka leo Jumanne saa mbili usiku. Likienda vizuri, kesho Jumatano alfajiri uko Iringa. Ngoja nimpigie wakala wao nimuulize kama tiketi hii inabadilishwa. Siwezi kukuahidi kabla hajajibu.

## Salamu inayofupishwa lakini haiachwi

Abiria ameanza na swali bila salamu. Hiyo si jeuri. Ni dalili ya wasiwasi, na mhudumu mwenye uzoefu huitambua hivyo. Binti hamsahihishi kwa maneno. Anatoa *shikamoo* ambayo umri wa mama unaidai, anapokea *marahaba*, na mazungumzo yanarudi kwenye mkondo wake. Sentensi ya abiria inayofuata ina taarifa zote zilizokosekana katika ile ya kwanza: anakotoka, kwamba anaamini amewahi, na kwamba haoni basi. Salamu imechukua maneno mawili tu na imempa mama nafasi ya kuvuta pumzi.

Salamu ndefu, kwa upande mwingine, haifai hapa. *Habari za huko? Za nyumbani? Watoto hawajambo?* ni maswali mazuri kwa mgeni aliyefika nyumbani. Kwa mtu anayehofia kwamba basi lake linatoka getini, kila swali la namna hiyo ni dakika inayopotea. *Habari za safari* nayo ina walakini, kwa kuwa jibu lake la desturi ni *nzuri*, na msafiri aliyeachwa hulazimika ama kusema uongo au kuvunja desturi. *Shikamoo* haina tatizo hilo, maana haiulizi hali.

Abiria akiwa kijana na mhudumu akiwa mtu mzima, kijana aliyechanganyikiwa anaweza kusahau *shikamoo*. Mhudumu asiyetaka jambo hilo ligeuke kuwa funzo la adabu husema *Karibu mwanangu, pole* na kuendelea. *Karibu* na neno la ukoo hutosha kujaza pengo. Watu wa rika moja huitana *dada* au *kaka*. *Ndugu abiria* ni lugha ya kipaza sauti: hutumika kwa kundi, na ikielekezwa kwa mtu mmoja aliye mbele yako humfanya ajione kama namba katika orodha.

## Vitenzi vinne, matukio manne

Msafiri huchagua kitenzi bila kufikiri, lakini uchaguzi wake humweleza mhudumu kilichotokea.

*Nimeachwa na basi* au *basi limeniacha* husema kwamba basi lilikuwapo, likaondoka kabla ya msemaji kupanda. Kisarufi, mtendaji ni basi. Msemaji hakatai kwamba huenda naye ana sehemu ya kosa, lakini sentensi haimtwishi.

*Nimechelewa basi* husema jambo hilohilo, ila mtendaji ni msafiri. Ni kukiri. Msafiri mwenyewe ana haki ya kukiri. Mhudumu hana haki ya kukiri kwa niaba yake.

*Basi limenipita* au *nimepitwa na basi* ni tukio tofauti kabisa. Msafiri alikuwapo kwa wakati, mara nyingi kando ya barabara, na basi halikusimama. Ndilo neno la mtu anayesubiri Visiga au Mlandizi badala ya kwenda kituo kikuu, kwa kuwa mabasi ya mikoani hupita hapo yakitoka Dar es Salaam. Mhudumu akilisikia, anapaswa kuuliza kama wakala alijua kwamba abiria angepandia njiani.

*Nimekosa basi* lina maana mbili. Linaweza kuwa sawa na *nimeachwa*. Linaweza pia kumaanisha kwamba msafiri alitafuta basi au kiti na hakupata, na pengine hana tiketi yoyote. Kwa hiyo mtu akisema *nimekosa basi la Iringa*, swali linalofuata ni *Ulikuwa umekata tiketi?* Bila swali hilo, mhudumu anaweza kutumia dakika kumi akitafuta jina ambalo halimo katika orodha ya abiria.

Mitaani husikika pia *nimelimisi basi*. Neno hili limeenea na linaeleweka, lakini linafunika matukio yote manne bila kuyatofautisha, na ndiyo sababu halifai katika miongozo na tafsiri.

Turudi kwa mama wa Visiga. Hakutumia kitenzi chochote kati ya hivyo. Alisema *nimewahi kabisa*. Kwa hesabu yake alikuwa amefika saa nzima kabla ya wakati. Mhudumu aliyesoma tiketi haraka angeweza kumjibu *Umechelewa mama, basi limeshaondoka*, na kila neno lingekuwa kweli kwa saa ya ukutani. Lakini mama angesikia tuhuma inayopingana na anachokijua, naye angeanza kubishana badala ya kusikiliza. Binti amefanya basi liwe mtendaji wa sentensi, *basi hili limeondoka*, kisha akataja wakati. Mtu hakuguswa na kitenzi.

Tuangalie pia kiambishi *-sha-*. *Limeondoka* ni taarifa. *Limeshaondoka* huongeza kwamba jambo limekwisha na hakuna la kufanya. *Ndiyo kwanza limeondoka* husema kwamba muda uliopita ni mfupi na pengine simu kwa kondakta inaweza kusaidia. Namna hizi tatu hazibadilishani. Anayesema *limeshaondoka* kuhusu basi lililotoka dakika mbili zilizopita amefunga mlango ulio wazi, na anayesema *ndiyo kwanza* kuhusu basi lililotoka saa tano zilizopita amempa mtu tumaini la bure.

## Pole na samahani

Makosa mengi zaidi ya tafsiri hutokea hapa. Katika Kiingereza neno lilelile hutumika kwa kumwonea mtu huruma na kwa kuomba msamaha. Kiswahili hutenganisha.

*Pole* humwendea mtu aliyepatwa na jambo. Haisemi nani amesababisha. Mtu husema *pole* kwa jirani aliyejikwaa, kwa mgonjwa, kwa mfiwa, hata kwa anayetoka kazini amechoka. Anayeisema hajikubalishi kosa lolote. Jibu lake ni *asante*, na katika mwambao husikika pia *nimeshapoa*.

*Samahani* humwendea mtu ambaye msemaji amemkosea au yuko karibu kumsumbua. Mhudumu anaweza kusema *Samahani mama, naomba kitambulisho chako*, kwa kuwa anamsumbua. Anaweza kusema *samahani* pia ikiwa ofisi yake ndiyo iliyotangaza mlango usio sahihi. *Tunaomba radhi* ni rasmi zaidi na hufaa tangazo la kampuni.

Sasa tuone kinachotokea mwongozo unapotafsiriwa vibaya. Mhudumu anafundishwa kuanza kila jibu kwa *Samahani kwa kuachwa na basi*. Msikilizaji wa Kiswahili hujiuliza: mbona anaomba msamaha, kumbe wao ndio waliokosea? Mwenye hasira hulishika neno hilo na kudai nauli. Ikiwa kampuni haikukosea, mhudumu amezua mgogoro kwa neno moja. Hatari ya upande wa pili ni kubwa vilevile. Kampuni iliyoondosha basi kabla ya wakati, ikamwambia abiria *pole* tu, imekwepa. Abiria husikia kwamba wanamhurumia kwa jambo walilolifanya wao. Hapo *pole* huja kwanza kwa ajili ya mtu, na *tunaomba radhi* hufuata kwa ajili ya kosa. Zote mbili zinahitajika, kwa mpangilio huo.

Katika mfano wetu *pole* imetokea mara mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inatangulia habari mbaya, ili habari isianguke juu ya mtu ambaye hajaandaliwa. Ya pili, *pole sana kwa msiba*, inaacha kabisa suala la basi kwa sekunde chache. Mhudumu anayeruka hatua hiyo na kuuliza moja kwa moja saa ya maziko ameuliza swali sahihi, lakini mama atalisikia kama swali la karani. Baada ya *pole* ya pili, swali hilohilo linasikika kama la mtu anayetafuta njia ya kumfikisha.

Maneno ya kutuliza yahitaji uangalifu wa namna hiyohiyo. *Hamna shida* hukanusha shida ambayo mtu anayo mkononi. *Tulia!* ni amri, na kwa mkubwa ni utovu wa adabu. *Usijali* limezoeleka na halikosewi kisarufi, ila mbele ya mfiwa linaweza kusikika jepesi, kwa kuwa anajali na ana sababu ya kujali. *Ondoa wasiwasi* hufaa pale tu mhudumu ana jibu la kumpa. Binti hakutumia hata moja. Amesema *bado tuna nafasi*, na kiambishi *tu-* kimemweka upande mmoja na abiria. Kisha amesema asichoweza kukiahidi, na hivyo mama anajua kwamba kilichobaki ni cha kuaminika.

## Saa iliyochapwa na saa inayosemwa

Chanzo cha yote katika mfano huu ni tarakimu 06:00. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza na tangu linapotua, na hutofautiana na saa ya kimataifa kwa saa sita. Mzungumzaji wa Kiswahili huitazama saa ya mkononi inayoonyesha 9 na kusema *saa tatu* bila kujua kwamba amekokotoa. Kwa saa ya mishale ubadilishaji huo ni wa mazoea tangu utotoni. Kwa tarakimu zilizochapwa kwenye karatasi, mazoea hayo hayana uhakika, kwa sababu wakala anayeandika tiketi kwa kalamu huweza kuandika *12:00 asubuhi* kwa saa za Kiswahili, ilhali mashine huandika 06:00 kwa basi lilelile.

Msomaji wa tiketi hana budi kujua anasoma mfumo upi, na kuna dalili mbili za kumsaidia. Tarakimu yenye sifuri mbele, kama 06:00 au 08:30, na yoyote inayozidi 12, kama 20:00, ni ya mfumo wa kimataifa. Tarakimu iliyofuatwa na *asubuhi*, *mchana*, *jioni* au *usiku* kwa kawaida ni ya Kiswahili. Inayobaki na utata ni ile isiyo na dalili yoyote, hasa 12:00. Kwa mfumo mmoja ni adhuhuri. Kwa mwingine ni alfajiri au magharibi.

Kwa kubadilisha:

- 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi
- 08:30 ni saa mbili na nusu asubuhi
- 12:00 ni saa sita mchana
- 18:00 ni saa kumi na mbili jioni
- 20:00 ni saa mbili usiku
- 00:30 ni saa sita na nusu usiku

Mhudumu hatakiwi kusoma tarakimu kwa sauti na kuishia hapo. Akisema *basi ni la sifuri sita*, msikilizaji hubaki alipokuwa. Akisema *ni la saa kumi na mbili* bila sehemu ya siku, amebakiza uwezekano wa jioni. Kauli kamili ina vitu vitatu: siku, saa na sehemu ya siku. *Leo Jumanne, saa mbili usiku.* Maneno ya binti kwamba *inawachanganya wengi* nayo si ya kujaza nafasi. Yanamwambia mama kwamba kosa liko katika karatasi zaidi ya kuwa katika akili yake.

Kuna jambo ambalo binti hakulisema, na alifanya vyema kunyamaza. Basi hilo la asubuhi lilifuata Barabara ya Morogoro, likapita Kibaha, likapita na Visiga, mama akiwa bado nyumbani. Ni kweli, lakini halimsaidii tena.

## Usiku ni wa siku gani?

Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani nchini Tanzania yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya katazo. Ruhusa hiyo imerudisha kituoni utata wa zamani wa lugha.

Katika hesabu ya jadi ya mwambao, siku huanza jua linapotua. *Usiku wa Jumatano*, kwa hesabu hiyo, ni usiku unaotangulia mchana wa Jumatano. Yaani usiku ambao kalenda ya ofisini huuita Jumanne. Wazungumzaji wengi wa leo, hasa vijana wa mjini, hutumia maneno hayohayo kwa usiku unaofuata mchana wa Jumatano. Watu wawili wanaweza kukubaliana juu ya *usiku wa Jumatano* na wakafika kituoni kwa tofauti ya saa ishirini na nne. Mama wa Visiga angeachwa tena, na safari hii asingeyawahi maziko.

Lugha yenyewe ina suluhisho. *Usiku wa kuamkia Jumatano* haina utata, kwa kuwa inataja asubuhi itakayofuata. *Jumanne usiku*, jina la siku likitangulia, hueleweka na wengi kwa kalenda ya kawaida. Kwa basi linaloondoka baada ya saa sita usiku, taja zote mbili: *usiku wa kuamkia Jumatano, saa saba usiku*. Mfasiri anayekuta tarehe na 01:00 katika ratiba asiandike *Jumatano usiku saa saba*, kwa sababu msomaji wake atakuja saa ishirini na nne baadaye.

Njia nyepesi ya kupima kama ujumbe umefika ni kumwomba abiria aurudie kwa maneno yake. Kumuuliza *Umeelewa?* hakusaidii, maana mtu mwenye adabu hujibu *ndiyo* hata asipoelewa. Afadhali mhudumu aulize: *Kwa hiyo mama, nyumbani utawaambia unaondoka lini?* Mama akijibu *leo hii, saa mbili usiku, kesho alfajiri niko Iringa*, kazi ya lugha imekamilika. Kilichobaki ni simu ya wakala.